Kutoa alama za mchujo kwa jedwali lililokwisha kutangazwa

Tangazo la kazi ya umma likitoka pamoja na jedwali la alama, kamati ya mchujo imekwisha kufungwa mikono. Mwombaji amesoma kwamba shahada ni alama kadhaa na kila mwaka wa uzoefu ni alama kadhaa, akajipigia hesabu yake nyumbani, akaona anafaa, akaomba. Kuanzia hapo kamati haiwezi kuongeza kigezo, kukiondoa wala kukibadilishia uzito, hata ikigundua kwamba jedwali lina kasoro. Kasoro ikiwa kubwa mno, tangazo hufutwa na kutolewa upya. Kasoro hairekebishwi kimyakimya katikati ya kazi.

Watu wengi hudhani kazi iliyobaki ni kujumlisha tu. Ukweli ni kwamba jedwali haliwezi kujibu kila swali ambalo wasifu wa mtu utaleta, na malalamiko mengi huzaliwa kwenye pengo hilo. Pengo kubwa kuliko yote liko kwenye uzoefu, kwa hiyo ndiko mwongozo huu utakakokaa zaidi.

Tuchukue jedwali la mfano la nafasi ya afisa ununuzi katika taasisi ya umma. Masharti ya lazima ni mawili: shahada ya kwanza ya ununuzi, ugavi au fani inayokaribiana, na uzoefu wa miaka 3 kamili katika kazi za ununuzi. Tarehe ya mwisho ya maombi ni 30 Juni 2024, na wa kuitwa kwenye usaili ni kila aliyefikisha alama 65.

| Kigezo | Alama | Kikomo |
|---|---|---|
| Elimu (ngazi ya juu kabisa pekee) | Shahada ya kwanza 20, stashahada ya uzamili 25, shahada ya uzamili 30 | 30 |
| Uzoefu wa ununuzi | Miaka 3 kamili 20, kila mwaka kamili wa ziada 4 | 40 |
| Cheti cha bodi ya taaluma | Hatua ya kati 8, hatua ya mwisho 15 | 15 |
| Maelezo ya uwezo katika barua | 0, 5, 10 au 15 | 15 |

Chini ya jedwali tangazo limeandika sentensi moja tu ya ufafanuzi: kazi ya muda usio kamili itahesabiwa kwa uwiano.

Kabla ya kufungua maombi: andikeni tafsiri

Kaeni kikao kifupi kabla mtu yeyote hajaona ombi hata moja. Pitieni jedwali mstari kwa mstari mkijiuliza: ni swali gani litaulizwa hapa ambalo jedwali halikujibu? Uzoefu unahesabiwa hadi lini? Kazi mbili za wakati mmoja je? Mafunzo kazini yanahesabika? Aliyeandika miaka bila miezi atahesabiwaje? Shahada ya uzamili ambayo bado inasomwa inaingia wapi? Fani “inayokaribiana” ni zipi?

Majibu yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, yatiwe tarehe na saini za wajumbe wote. Tarehe hiyo ndiyo yenye kazi. Tafsiri iliyoandikwa kabla ya maombi kufunguliwa ni utaratibu, lakini sentensi ileile ikiandikwa baada ya kuonekana majina inasomeka kama upendeleo, hata kama waliokaa kikaoni walikuwa malaika. Tafsiri nayo ina mpaka: inajaza palipo kimya, haipingi palipoandikwa. Jedwali likisema “miaka 3 kamili”, kamati haiwezi kujitafsiria kwamba miaka 2 na miezi 10 inakaribia kutosha.

Kikao hicho ndicho pia cha kuandika maana ya kila ngazi ya alama za barua, maana 0, 5, 10 na 15 bila maelezo ni hisia za mpimaji tu. Kwa mfano wetu kamati iliandika hivi: 0 ni barua isiyogusa ununuzi kabisa, 5 ni anayetaja majukumu bila mfano, 10 ni anayetoa mfano ambamo inaonekana yeye mwenyewe alifanya nini, 15 ni mfano wa namna hiyo wenye matokeo yanayoweza kupimika, kama vile muda uliookolewa au gharama iliyoshuka.

Mgongano wa maslahi, halafu namba

Sekretarieti iwape wajumbe orodha ya majina ya waombaji kabla ya kuwapa maombi yenyewe. Kila mjumbe asaini kama ana ndugu, mkopeshaji, mshirika wa biashara au mtu wa karibu kwenye orodha. Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: mjumbe mwenye ndugu anajitoa kwenye ombi la ndugu yake, kisha anaendelea kupima maombi mengine yote. Mjumbe huyo bado ana njia ya kumsaidia ndugu yake, kwa sababu akiwabana wengine ndugu anapanda. Ajitoe kwenye nafasi hiyo nzima.

Baada ya hapo sekretarieti ifiche majina, jinsia, umri na picha, na kila ombi lipewe namba. Kuficha huku hakukamiliki daima, maana barua za waajiri huwa na majina mengi, lakini kunapunguza mengi.

Masharti ya lazima kwanza, bila alama

Kabla ya kutoa hata alama moja, pitisha kila ombi kwenye masharti ya lazima. Jibu ni ndiyo au hapana. Mwenye miaka 2 na miezi 10 ya uzoefu anaishia hapa, hata kama ana shahada ya uzamili na cheti cha hatua ya mwisho. Kwenye safu ya sababu andika ulichokiona, kwa mfano “uzoefu wa ununuzi miezi 34, sharti ni 36”. Ukiandika “hana sifa” hutakuwa umemwambia mtu lolote.

Kuhusu viambatisho vilivyokosekana, fuata tangazo lilivyosema. Likiwa limesema ombi lisilo na cheti halitashughulikiwa, basi halishughulikiwi. Likiwa kimya, kanuni ninayoipenda ni kwamba kamati inaweza kuomba ufafanuzi wa jambo ambalo tayari limo ndani ya ombi, lakini haipokei sifa mpya baada ya tarehe ya mwisho. Na ukimuuliza mmoja, waulize wote wenye upungufu wa aina hiyohiyo.

Uzoefu: hesabu kwa miezi, si kwa macho

Sasa tumchukue mwombaji namba 27. Kwenye mstari wa kwanza wa wasifu wake ameandika “zaidi ya miaka 8 katika ununuzi na fedha”. Mpimaji mwenye haraka ataona miaka 8, atampa kikomo cha alama 40 na kufungua ombi linalofuata. Usiamini mstari huo, wala usiudharau. Hesabu mwenyewe.

Kazi zake ni nne:

- Msaidizi wa ununuzi, 1 Machi 2016 hadi 31 Agosti 2018
- Afisa ununuzi katika shirika lingine, 1 Juni 2018 hadi 31 Desemba 2020
- Mhasibu msaidizi, 1 Januari 2021 hadi 31 Desemba 2022
- Afisa ununuzi wa nusu muda, 1 Januari 2023 “hadi sasa”

Anza kwa kuuliza kila kazi kama inahusiana na kigezo. Soma majukumu, acha cheo. Kuna “afisa utawala” ambaye kutwa anaandaa nyaraka za zabuni, na kuna “afisa ununuzi” ambaye kazi yake ilikuwa kupokea mizigo stoo. Kwenye kazi ya tatu, namba 27 ameeleza kwamba alikuwa “akiandaa malipo ya wazabuni na kusuluhisha hesabu za benki”. Neno wazabuni limo, lakini kulipa ankara ni kazi ya uhasibu. Hakuna mahali alipoandaa mahitaji, kualika zabuni, kutathmini wala kusimamia mkataba. Kazi hiyo inapata miezi sifuri, na sababu inaandikwa.

Halafu funga tarehe. “Hadi sasa” si siku unayopima ombi. Ni tarehe ya mwisho ya maombi, yaani 30 Juni 2024. Ukipima Septemba na kuhesabu hadi Septemba, umewapa walio kazini miezi ambayo walioacha kazi hawana, na mchujo ukichelewa alama zinabadilika zenyewe.

Kisha ondoa miezi iliyopandana. Kazi ya kwanza ni miezi 30, ya pili ni 31, na ukijumlisha ovyo unapata 61. Lakini Juni, Julai na Agosti 2018 zimo kwenye kazi zote mbili. Mtu haishi mwezi mmoja mara mbili, kwa hiyo unatoa 3 na kubaki na 58. Njia rahisi ya kukagua ni kuziunganisha: kutoka 1 Machi 2016 hadi 31 Desemba 2020 hakuna siku iliyokatika, na hiyo ni miezi 58 kamili. (Kupandana kwa namna hii si lazima kuwe uongo. Huenda alikuwa likizo ya kumalizia mkataba, huenda amekosea tarehe. Liulizwe kwenye usaili. Kwenye mchujo ni suala la hesabu tu.)

Mwisho, kazi ya nusu muda. Januari 2023 hadi Juni 2024 ni miezi 18, na tangazo limesema uwiano, kwa hiyo ni miezi 9. Tangazo lisingesema chochote, kamati ingelazimika kuamua kwenye kile kikao cha kwanza. Kupunguza miezi ya mtu kwa kanuni iliyobuniwa baada ya kuona ombi lake hakuteteeki.

Jumla ni 58 na 9, yaani miezi 67, ambayo ni miaka 5 na miezi 7. Jedwali linataka miaka kamili, kwa hiyo ni 5: alama 20 kwa miaka 3 ya kwanza na 8 kwa miwili ya ziada. Anapata 28. Yule mpimaji wa haraka angempa 40, na hata aliyejumlisha kazi zote nne bila kuchuja angefika miezi 103 na kumpa 40 hiyohiyo. Tofauti ya alama 12 inatosha kabisa kumtoa mtu mwingine kwenye orodha fupi.

Ukitumia lahajedwali, weka tarehe ya kuanza kwenye safu ya B na ya kumaliza kwenye safu ya C, kisha:

```
=DATEDIF(B2,C2+1,"m")
```

Ile `+1` usiisahau. Fomula hii huhesabu miezi iliyotimia, na bila kuongeza siku moja, kazi ya 1 Machi 2016 hadi 31 Agosti 2018 itasomeka miezi 29 badala ya 30, kwa sababu inaona tarehe 1 Septemba haijafika. Kwa mtu aliye kwenye mpaka wa mwaka, mwezi huo mmoja ni alama 4 nzima. Kompyuta nyingine hutaka nukta mkato mahali pa mkato.

Vipi aliyeandika “2016–2018” bila miezi? Inaweza kuwa miezi 12 tu, ikiwa alianza mwisho wa Desemba na kuacha mwanzo wa Januari, na inaweza kuwa 36. Tazama kwanza barua ya ajira au ya utumishi iliyoambatishwa. Mara nyingi tarehe kamili zimo humo. Zisipokuwepo, hesabu kiwango cha chini ambacho maandishi yanathibitisha. Ni kanuni kali, lakini haina upande, na iandikwe kwenye tangazo lijalo ili watu waijue mapema.

Elimu na cheti

Hapa hakuna mengi. Namba 27 ana shahada ya kwanza na ameandika kwamba shahada ya uzamili “inatarajiwa Novemba 2024”. Inayotarajiwa haijapatikana, kwa hiyo anapata 20. Jedwali limesema ngazi ya juu kabisa pekee, basi mwenye shahada ya uzamili na stashahada ya uzamili anapata 30, hajumlishiwi 55. Mwenye shahada ya uzamivu naye anapata 30, kwa sababu jedwali halina mstari wake, na hapunguziwi kwa hofu kwamba “amezidi kiwango”. Cheti cha namba 27 ni cha hatua ya kati: 8.

Angalia tu sifa moja isilipwe mara mbili. Cheti cha bodi ya taaluma kilichokwisha kupata alama kwenye mstari wake hakirudi tena kwenye barua kama ushahidi wa uwezo.

Barua: wapimaji wawili wasioonana

Vigezo vya hesabu vinaweza kupimwa na mtu mmoja na kukaguliwa na mwingine. Barua ni tofauti. Ipimwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona alama za mwenzake. Kabla ya kuanza, wote wapime barua chache zilezile na kulinganisha, ili 10 ya mmoja isiwe 5 ya mwingine.

Na ni bora kupima barua zote mfululizo kuliko kulimaliza ombi moja lote kisha kuhamia jingine. Ukishampa mtu 40 kwenye uzoefu, barua yake nayo huanza kuonekana nzuri. Mpimaji wa pili aanze kutoka mwisho wa rundo, maana barua za mwanzo na za mwisho hazisomwi kwa jicho lilelile. Mchoko una alama zake.

Kwa namba 27, mpimaji wa kwanza alitoa 10, wa pili 5. Tazama jinsi ilivyo nzito: bila barua ana 20, 28 na 8, jumla 56. Kwa 10 anafika 66 na anaitwa. Kwa 5 ana 61 na anabaki nje. Kamati nyingi hapa hukata katikati: 7.5, jumla 63.5, hakuitwa. Mimi siukubali wastani huo. Kwanza, 7.5 haimo kwenye jedwali lililotangazwa. Pili, wastani haujibu swali lililowatofautisha wapimaji, yaani barua ina mfano wa alichokifanya yeye mwenyewe au haina.

Wakarudi kwenye barua pamoja. Ukurasa wa kwanza unasema: “Tuliendesha zabuni ya vifaa vya maabara na tukampata mzabuni kwa wakati.” Mpimaji wa pili aliishia hapo, na kwa sentensi hiyo peke yake alikuwa sahihi; “tuliendesha” haimwambii mtu mwombaji alishika kazi gani. Ukurasa wa pili, chini kabisa, kuna hii: “Katika zabuni hiyo niliandaa nyaraka na kujibu maswali ya wazabuni kabla ya ufunguzi.” Huo ni mfano wenye mtendaji, na ndio maana iliyoandikwa kwa alama 10. Matokeo ya kupimika hayapo, kwa hiyo 15 haifiki. Wakakubaliana 10, na kwenye fomu ya usuluhishi wakaandika sentensi hiyo na namba ya ukurasa. Kama wangeshindwa kukubaliana, mjumbe wa tatu angeisoma barua bila kuambiwa alama zilizotangulia.

Kuna dalili moja ya kuichunguza hapa. Usuluhishi ukiwa unawainua tu walio karibu na 65 na kuwaacha walio mbali hata kama tofauti ya wapimaji ni ileile, watu wanasuluhisha jumla badala ya barua. Dawa yake ni sekretarieti kuwaletea tofauti zote za barua zitatuliwe kabla jumla ya mtu yeyote haijapigwa.

Mstari wa kukata

Kwa mfano wetu mstari ni 65, basi aliye na 65 anaitwa na aliye na 64 haitwi. Usimtafutie alama aliye na 64 kwa kurudia ombi lake peke yake. Ukitaka kukagua walio mpakani, kagua wote wa pande zote mbili, waliovuka kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache.

Tangazo likiwa limetaja idadi, tuseme watu 6, na wa sita na wa saba wakalingana, tumia kigezo cha kutenganisha kilichotangazwa. Kama hakikutangazwa, ita wote wawili. Usaili wa mtu mmoja zaidi ni gharama ndogo kuliko kubuni kigezo jikoni.

Kumbukumbu na malalamiko

Mali bila daftari hupotea bila habari, na alama ni hivyohivyo. Kwa kila ombi, kila kigezo kiwe na alama, ushahidi na ukurasa wake. Kwa namba 27 mstari wa uzoefu ulisomeka hivi: “Miezi 58 (kazi 1 na 2, miezi 3 imepandana), kazi 3 haihusiani (malipo na hesabu za benki), kazi 4 miezi 9 (nusu ya 18, hadi 30/06/2024). Jumla 67, miaka 5 kamili, alama 28.” Kuandika hivyo ni kazi ya dakika chache, na atakayeulizwa baada ya miezi sita hatahitaji kukumbuka chochote.

Aliyekosa akiomba sababu, mpe alama zake kwa kila kigezo na mstari wa maelezo, bila kumtajia alama wala taarifa za mwombaji mwingine kwa jina. Akionyesha kosa la kweli, kwa mfano kwamba barua ya utumishi yenye tarehe kamili ilikuwamo kwenye ombi lake na haikusomwa, usirekebishe kwake tu. Tafuta waombaji wote walioandika miaka bila miezi, kagua viambatisho vyao kwa jicho hilohilo, piga upya jumla zao, kisha ndipo uangalie kama orodha fupi imebadilika. Ikiwa imebadilika, aliyefikisha alama aitwe hata kama barua za mwaliko zimekwisha kutumwa.